Mizani na Vina Ndio Mashahidi: Kurekebisha Shairi Lililoharibiwa na Chapa

Shairi la kimapokeo linapopigwa chapa upya kwa ajili ya darasa, huweza kupoteza silabi hapa na kuongezewa nyingine pale. Mwalimu anayelipokea hushawishika kulisahihisha kama anavyosahihisha insha, yaani kwa kufuata sarufi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Shairi la arudhi lirekebishwe kwa ushahidi wa mizani na vina vyake lenyewe, na kwa badiliko dogo kabisa linalotosha.

Tuutazame ubeti huu wa tarbia, uliotungwa kwa ajili ya somo hili na kutiwa makosa ya chapa kwa makusudi:

Jembe lake akalishika, kaelekea shambani,
Magugu akayafyeka, akayachoma moto,
Masika yalipoanza, mbegu kazitia chini,
Juani aliyechoka, atakula kivulini.

Kisarufi, hakuna mshororo wenye kasoro. Hata hivyo, mishororo mitatu imeharibika. Hatua ya kwanza ni kutafuta kanuni ya ubeti katika mshororo ulio mzima. Mshororo wa nne una mizani nane katika ukwapi na nane katika utao. Kina cha kati ni *ka* na cha mwisho ni *ni*. Mishororo mingine inaunga mkono kanuni hiyo: kina cha kati kinapatikana katika mishororo mitatu kati ya minne, na cha mwisho vivyo hivyo.

Mshororo wa kwanza una mizani tisa katika ukwapi: je-mbe-la-ke-a-ka-li-shi-ka. Kina ni salama, kwa hiyo silabi ya ziada imo ndani. Utao unatuonyesha ilipo, kwa kuwa mtunzi ameandika "kaelekea" badala ya "akaelekea". Hiyo ni inkisari. Yaelekea mpiga chapa aliidhani "kalishika" kuwa kosa, akairudishia *a*. Tukiiondoa, mizani inatimia. Lakini tusikimbilie kufupisha "akayafyeka" katika mshororo wa pili ili ifanane nayo: pale umbo kamili ndilo linalotimiza mizani nane. Mtunzi hutumia umbo refu au fupi kadiri ya mahitaji ya mshororo.

Utao wa mshororo wa pili una mizani saba, na kina chake ni *to*. Mtu angeweza kuandika "akayachoma na moto" na kupata mizani nane, lakini kina kingebaki kimevunjika. "Motoni" huponya majeraha yote mawili kwa silabi moja. Marekebisho ambayo mizani na vina huyathibitisha kwa pamoja ndiyo yenye nguvu zaidi.

Mshororo wa tatu ni mgumu zaidi. "Masika yalipoanza" ina mizani nane kamili, hivyo anayehesabu tu hataona lolote. Kina *nza* ndicho kinachofichua kwamba neno limebadilishwa na jingine lenye maana ya karibu. Tunahitaji kitenzi kinachoishia na *ka*: "yalipofika" inafaa, na "yalipozuka" pia inatosha kwa mizani na vina. Maana inaegemea "yalipofika", lakini hapa tunakisia. Kwa hiyo neno hilo liandikwe ndani ya mabano ya mraba, na wanafunzi waelezwe sababu. Ikiwa nakala ya zamani ipo, isomwe kabla ya kukisia.

Tahadhari moja inahusu kuhesabu kwenyewe. Katika "mbegu", *mbe* ni silabi moja. Katika "mtu", *m* husimama peke yake kama silabi. Anayehesabu "m-be-gu" atapata mizani tisa katika utao wa mshororo wa tatu, naye atakata silabi isiyo na hatia. Ndivyo msahihishaji anavyogeuka kuwa mharibifu wa pili.

Njia hii ina mipaka. Hufaa pale tu ambapo mtunzi alijifunga na kanuni ambazo Kaluta Amri Abedi alizieleza katika kitabu chake cha 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi*. Mashairi huru kama yale ya Euphrase Kezilahabi katika *Kichomi* (1974) hayana kanuni hiyo ya kuyashuhudia. Kuyatafutia mizani sawa ni kuyaandika upya.

Mwalimu anayefundisha mbali na pwani, ambako si rahisi kusikia shairi likighanwa, hutegemea maandishi zaidi. Kwa sababu hiyo asiufiche ukarabati wake. Awape wanafunzi ubeti ulioharibika pamoja na uliorekebishwa, wahesabu wenyewe, na wabishane juu ya "yalipofika" na "yalipozuka". Mwanafunzi atakayetetea chaguo lake kwa mizani, vina na maana atakuwa ameielewa arudhi kuliko aliyekariri fasili zake.