Si kahawa tu iliyotiwa kwenye kidonge

Ndugu mwandishi, umesema vidonge vya kuchoma mafuta vinavyouzwa hapa Birmingham ni "kahawa tu". Hapana. Kikombe cha kahawa kina kafeini kama miligramu 100, nawe hukinywa taratibu. Kidonge kimoja huweza kuwa na 200, na wengi humeza viwili kwa mpigo. Baadhi huongezewa sinefrini, itokayo kwenye machungwa machungu, inayoweza kupandisha presha. Moyo unakwenda mbio, usingizi unapotea, na mafuta yanayoungua ni kidogo mno.

Balaa kubwa zaidi ni unga wa manjano uitwao DNP, ambao si kichangamshi hata kidogo. Huzuia seli kuhifadhi nishati ya chakula, nayo ikapotea kama joto. Mtu hulowa jasho, hupumua kwa kasi, mwili ukachemka. Naye akidhani dawa imekubali, huongeza kidonge. Dawa ya kuizimua haipo: madaktari huupoza mwili tu, na vijana wamekufa hivyo hivyo. Tangu Oktoba 2023 sheria ya Uingereza inaihesabu kuwa sumu inayodhibitiwa. Ukimwona mwenzako katika hali hiyo, piga 999 papo hapo, hata kama bado anaongea.