Posa kwa Simu ya Video



Alitujia mama mmoja wa Kendu Bay. Mwanawe afanya kazi Maskati, na likizo yake ingali mbali. Amemtaka binti wa Kaloleni, Kisumu, na wazee wa pande mbili wameafikiana posa isomwe kwa simu ya video. Kijana alikuwa ameandika kurasa mbili za mapenzi, akimwelekea binti. Tukamwomba aandike upya.

Posa huelekezwa kwa walii. Maneno matamu yasomwapo mbele ya baba na ami, binti huingiwa na haya, na baba hubaki hajui ajibu nini. Tulisaidiana naye kuandika hivi:

“Assalaamu alaikum, mzee wangu. Mimi ni mwana wa fulani, wa Kendu Bay. Niko mbali, na wazee wangu waliokaa mbele yako ndio ulimi wangu. Naja kumposa binti yako fulani. Mimi ni fundi wa umeme. Nikijaaliwa kumwoa, mwaka wa kwanza atakaa Kisumu, nami nitakuwa nikija likizoni. Mahari ni haki yake, naomba ayataje mwenyewe. Muulizeni kwa wasaa wake. Jibu nitalingoja hadi Ijumaa ya pili.”

Ujumbe huu husomwa kwa dakika moja. Nakala yake alipewa mshenga, ili mtandao ukikatika asome yaliyosalia. Habari ya makazi haikufichwa, kwani ndiyo izushayo ugomvi baadaye.

Tulimwonya pia asiseme “nimekubali kumwoa” wala neno lolote la akdi. Posa ni ombi na ahadi. Baada yake wawili hao wangali ajinabi. Mwaka 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Jeddah, liliruhusu mikataba kwa vyombo vya mawasiliano vya kisasa, lakini likaitoa nikahi katika ruhusa hiyo, kwa kuwa nikahi yahitaji mashahidi. Kwa hiyo kijana atakuja mwenyewe, au atamweka wakili Kisumu akubali kwa niaba yake mbele ya mashahidi.

Limebaki jambo la kimya. Twajua kutokana na hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake. Lakini kimya cha kwenye kioo cha simu huenda kikawa ni mtandao uliokwama, au ni woga wa kutazamwa na watu wa nchi mbili. Ndiyo maana ujumbe haukudai jibu papo hapo.

Usiku ule, saa mbili Kisumu na saa tatu Maskati, picha ilikwama kwenye neno “mahari”. Mshenga akamalizia. Siku ya tatu mama alimwuliza bintiye faraghani chumbani, wala binti hakunyamaza: alikubali, kwa sharti amalize kwanza masomo yake ya ualimu. Baba akalipeleka jibu Maskati kama lilivyotamkwa, na kijana akaliridhia sharti hilo.

Wabillahi tawfiq.