Enfeksyo Haioshwi kwa Sabuni

Mwanamke wa Butembo akisema ana "enfeksyo" kwa mara ya nne ndani ya mwaka mmoja, wanaomsikiliza hawamuulizi mkojo unamchoma vipi. Wanamtazama. Shemeji anakumbuka choo cha sokoni anachoingia kila siku. Shangazi anamvuta pembeni na kumnong'oneza ajioshe vizuri, mpaka ndani, kwa sabuni au maji ya ndimu. Mama mkwe ananyamaza, na kimya chake kinasema kwamba mwanawe ameoa mtu mchafu. Ukishuka hadi Beni utakuta hadithi ileile, labda ndimu imegeuka majani ya kuchemsha. Imani ni moja: enfeksyo inayorudi ni uchafu, na uchafu dawa yake ni kusafisha.

Imani hiyo ni ya uongo. Ubaya wake ni kwamba inamtuma mwanamke kubomoa kwa mikono yake ukuta unaomlinda.

Kwanza neno lenyewe litenganishwe, maana "enfeksyo" hubeba kila kitu. Mkojo unaochoma, unaomwita mtu kila baada ya dakika chache na kutoka matone, pamoja na maumivu chini ya kitovu, ni dalili za kibofu. Ute unaonuka, kuwashwa ukeni na vidonda ni mambo mengine, yenye vipimo vyake na dawa zake. Anayetibiwa kibofu kwa dawa za kisonono, au kisonono kwa dawa za kibofu, atarudi tu farmasi, na ataambiwa tena kwamba ni mchafu.

Mdudu anayesumbua kibofu mara nyingi ni E. koli. Hakai kwenye kiti cha choo akimngoja mpita njia. Anaishi utumboni mwa kila binadamu, mwa askofu na mwa muuza mihogo vilevile. Kutoka njia ya haja kubwa hadi mlango wa mkojo wa mwanamke ni hatua fupi, na mrija wenyewe una urefu wa sentimita nne hivi, wakati wa mwanamume unakaribia ishirini. Kinachomzuia mdudu njiani ni bakteria wengine, lactobasili, wanaoishi ukeni na kutengeneza asidi asiyoipenda. Hao ndio sabuni ya shangazi inaowaua. Kuosha nje kwa maji, mara moja kwa siku, kunatosha. Ndani hakuhitaji mkono wa mtu.

Mwaka 2000 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha wanawake ambao maambukizi ya kibofu huwarudia na wenzao wasiosumbuliwa. Walitafuta tofauti katika namna ya kujipangusa, katika kujiosha ndani, katika kukojoa kabla au baada ya tendo la ndoa. Hawakuiona. Walichokiona ni mara ngapi mtu anakutana na mwenzi wake, kutumia dawa za kuua mbegu za kiume, kuanza kuugua akiwa bado msichana, na kuwa na mama aliyesumbuliwa na hayohayo. Kwa maneno mengine, damu ya ukoo na ndoa vilikuwa na uzito kuliko sabuni. Kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma na kukojoa baada ya tendo havidhuru wala havigharimu kitu, na anayependa aendelee. Ila asilaumiwe mtu kwamba ameugua kwa kuyasahau.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana duka la vitenge Butembo. Mumewe ni mmoja wa wale wafanyabiashara wanaoishi kwenye ndege: Kampala, Dubai, Guangzhou, kisha nyumbani wiki tatu, kisha safari tena. Mwaka uliopita mama aliugua mara tano. Akazipanga tarehe kwenye daftari la madeni, na alichokiona kikamkata maini: kila mara, siku mbili baada ya mume kurudi. Mtaani jibu liko tayari. Mume analeta ugonjwa kutoka nje.

Inawezekana, na mwenye wasiwasi huo apimwe magonjwa ya zinaa bila aibu. Lakini daftari lile linaeleza jambo la kawaida zaidi. Tendo la ndoa husukuma bakteria walioko mlangoni mwa mrija kuelekea kibofuni, na bakteria hao ni wa mwanamke mwenyewe. Mume mwaminifu kama mwanzi ulionyooka angeleta matokeo yaleyale. Ni majirani wangapi wamevunja ndoa kwa kosa la E. koli?

Daftari hilohilo ndilo linaloonyesha tiba. Madaktari huita maambukizi "yanayorudia" yakifika mawili ndani ya miezi sita au matatu ndani ya mwaka, na mama huyu amevuka. Hahitaji dozi kali zaidi kila anapougua. Anachohitaji ni kinga ndogo wakati wa hatari, yaani kidonge kimoja baada ya tendo, ndani ya saa mbili, na si zaidi ya kimoja kwa siku hata kama usiku ulikuwa mrefu. Mwaka 1990, Marekani, njia hiyo ilijaribiwa kwa kotrimoksazoli, ile ambayo Wakongo huiita Baktrimu, kwa kipimo cha miligramu 40 na 200, ambacho ni nusu ya kidonge cha kawaida cha 480. Kati ya wanawake 16 waliopewa dawa, wawili waliugua. Kati ya 11 waliopewa kidonge kisicho na kitu ndani, waliugua tisa. Jaribio lilikuwa dogo, lakini tofauti kama hiyo haihitaji miwani.

Hesabu ya dukani inakubaliana. Tuseme katika wiki tatu za mume nyumbani wanakutana mara tisa: ni vidonge tisa. Akisafiri miezi miwili, ni sifuri. Kinga ya kila usiku ingekula vidonge zaidi ya themanini katika muda huohuo. Kinga hiyo ya kila usiku, kwa miezi sita hivi, inamfaa yule ambaye maradhi yake hayafuati kalenda ya kitanda. Na wote wawili waambiwe ukweli ambao muuza dawa huuficha: kinga haikati mzizi. Ikisimamishwa, wengi hurudia hali yao ya zamani ndani ya miezi michache, na hapo ndipo uamuzi wa kuendelea au kuacha hufanywa upya.

Dawa gani? Hapa Kivu inabidi isome matokeo ya Kivu. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya mikojo iliyooteshwa katika hospitali kuu ya rufaa ya mkoa huko Bukavu. E. koli alikuwa zaidi ya nusu ya wadudu waliopatikana, na dawa za zamani, ampisilini na kotrimoksazoli, zilikuwa zimechoka mbele yao. Nitrofurantoini ilikuwa bado inauma. Kwa hiyo kilichofaa Marekani mwaka 1990 kisinunuliwe Butembo kwa kufumba macho. Mkojo uoteshwe kwanza mahali panapowezekana, mdudu ajulikane, ugonjwa uliopo utibiwe mpaka uishe, ndipo kinga ianze. Nitrofurantoini ya kinga ni miligramu 50 hadi 100, pamoja na chakula. Mkojo utageuka rangi ya hudhurungi, na hilo si baya. Kikohozi kikavu, kuhema, ganzi ya miguu au macho ya manjano ni baya: dawa isimame siku hiyohiyo. Haimfai mwenye figo dhaifu wala mjamzito aliye karibu kujifungua, wala mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si wa ajabu katika nchi za malaria na ambao hufanya damu ivunjike.

Wapo wanaosema mbona sipro ipo, ni nafuu na inakata mara moja. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa, zisizoguswa ovyo, na kwa kibofu peke yake linataja nitrofurantoini na kotrimoksazoli mbele yake. Sipro huumiza kano za misuli. Pia hukituliza kifua kikuu kwa muda bila kukitibu, na kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye figo: usaha unaonekana kwenye mkojo, kuotesha kwa kawaida hakutoi mdudu, na mgonjwa anameza sipro ya sita.

Kuna pia desturi ya kwenda labo "kwa kontroli" wakati mtu hana maumivu yoyote. Karatasi inarudi na alama za msalaba za bakteria, na dozi inaanza. Utafiti wa Italia wa 2012 uliwafuata wanawake vijana wa namna hiyo, wenye bakteria bila dalili. Waliotibiwa ndio walioishia kuugua zaidi kuliko walioachwa. Bakteria wale wapole walikuwa wamekalia kiti ambacho wakali walikitaka. Mjamzito ni tofauti: yeye hupimwa na kutibiwa hata bila dalili. Na yeyote mwenye homa, baridi ya kutetemeka au maumivu ya ubavu, hilo si la kibofu tena, ni la figo, na ni la hospitali.

Basi bila dawa hakuna kitu? Kipo, na ni maji ya kunywa, si ya kujiosha. Bulgaria, mwaka 2018, yalitangazwa matokeo ya wanawake 140 waliokuwa wakinywa maji kidogo. Nusu waliongezewa lita moja na nusu kwa siku. Kwa mwaka mzima waliugua kwa wastani mara 1.7, wenzao mara 3.2. Lita moja na nusu ni kama chupa mbili kubwa za Primusi zilizojazwa maji yaliyochemshwa. Ushauri huo ni rahisi kuutoa, mgumu kwa mama wa sokoni anayeacha kunywa tangu alfajiri kwa sababu choo ni cha kulipia, au kwa aliye kwenye gari la barabara ya Beni, ambako dereva hasimami porini kwa ajili ya mkojo wa mtu, na usalama wenyewe unajulikana. Anayempa mwanamke huyo somo la usafi angemchimbia choo kwanza.

Anayetumia vidonge au povu la kuua mbegu, au kondomu zilizopakwa dawa hiyo, abadili njia ya uzazi. Dawa hiyo huua lactobasili pia. Na bibi aliyeacha kuona siku zake ana sababu yake: estrojeni imepungua, ukuta wa uke umekonda, lactobasili wamehama. Katika utafiti wa Israeli wa mwaka 1993, wanawake wa umri huo waliopaka krimu ya estrioli ukeni waliugua kwa wastani mara 0.5 kwa mwaka, wenzao waliopewa krimu isiyo na dawa karibu mara sita. Si antibiotiki, na haizoeshi mdudu usugu. Bibi wa Butembo anayelalamika mkojo kila mwezi huulizwa mambo mengi na wajukuu. Swali la krimu hiyo amuulize daktari yeye mwenyewe, maana mjukuu ataona haya.