Kidonda kimekauka, kaswende imebaki

Kidonda kisichouma sehemu za siri kikikauka chenyewe, usiseme umepona. Kaswende huanza hivyo. Kidonda hutokea yapata wiki tatu baada ya kuambukizwa, kisha hufunga ndani ya wiki tatu hadi sita hata bila dawa. Vijidudu vinabaki ndani ya damu.

Tuseme mume wa Kimali kidonda kimemkauka na mkewe ni mjamzito. Mama anaweza asione dalili yoyote, lakini ugonjwa ukamfikia mtoto tumboni. Jirani zetu Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kwamba kati ya wajawazito wasiopimwa, takriban nusu ya vifo vya watoto waliozaliwa wafu vilitokana na kaswende. Waliopimwa na kuchomwa sindano moja ya penisilini ya benzathini walijifungua salama kama wasioambukizwa.

Kwa hiyo nendeni kituoni wote wawili mkapimwe damu, na mumweleze mhudumu habari za kidonda hicho. Kipimo cha mapema mno kinaweza kukosa ugonjwa, basi rudieni baada ya wiki chache. Akitibiwa mmoja tu, anaweza kuambukizwa tena.