Stata ikilia "ta", usikimbilie betri

Anayeshauri kwamba stata ikilia "ta" tu dawa ni betri mpya anawatia watu hasara. Chukua pikapu ya mboga iliyolala Mgeta, kwenye unyevu wa Uluguru. Asubuhi dereva anageuza ufunguo: ta-ta-ta. Awashe taa kubwa, ageuze tena. Zikififia, umeme hautoshi, lakini betri bado haina hatia. Shika ncha moja ya mita kwenye nguzo yenyewe ya betri, nyingine kwenye terminali iliyoibana, mwenzako ageuze ufunguo. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye ule unga mweupe au wa kijani. Fungua hasi kwanza, osha kwa maji ya moto na magadi, piga msasa, kaza.

Terminali zote mbili zikiwa safi, pima nguzo kwa nguzo. Ikishuka chini ya volti 9.6 ufunguo ukigeuzwa, chaji betri, upime tena. Ikishuka vilevile, hapo ndipo ununue.

Na taa zikibaki kali huku stata ikitoa "ta" moja nzito? Betri mpya haitasaidia kitu. Mara nyingi migusano ya shaba ndani ya solenoidi imeungua. Mpelekee fundi umeme aifungue.