Mtego wa Neno Linalojulikana

Mwalimu akimaliza kusahihisha karatasi za ufahamu, lawama huangukia msamiati. "Hawana maneno hawa," atasema, na wiki inayofuata ubao umejaa orodha ya maneno magumu ya kukariri. Toleo hili tunalifungua na kosa ambalo orodha hiyo haiwezi kulitibu, kwa sababu mwanafunzi aliyelifanya alilijua neno vizuri. Pengine alilijua kupita kiasi.

Tazama kifungu hiki, nilichokitunga kwa ajili ya ukurasa huu:

"Bi. Mwanaidi hakuridhika na mpaka uliowekwa kati ya shamba lake na la jirani. Alipeleka shauri lake mbele ya baraza, likasikilizwa kwa miezi mitatu. Wazee wawili walitoa ushahidi, na mwishowe baraza likatoa uamuzi uliompa haki."

Swali: neno *shauri* kama lilivyotumika katika kifungu lina maana gani? (A) nasaha (B) kesi (C) uamuzi (D) sababu.

Jibu ni B, lakini wengi watachagua A. Si kwamba wamebahatisha. Tangu utotoni mtoto husikia watu wakipeana shauri na wakiombana shauri, kwa hiyo neno linapotokea, nasaha ndiyo inayomjia kwanza. Ubaya ni kwamba sentensi haimkatalii. Jaribu mwenyewe: "Alipeleka nasaha zake mbele ya baraza, zikasikilizwa." Inasomeka bila kikwazo, maana nasaha nazo husikilizwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kubadilisha neno ndani ya sentensi na kuona kama linakaa ataridhika hapo na kuweka alama yake. Angeongeza maneno matatu tu, "kwa miezi mitatu", angeanza kushtuka, kwani ni nani anayesikiliza nasaha robo mwaka? Akifika kwenye ushahidi na uamuzi, nasaha haina tena pa kusimama.

Ndiyo maana mbinu ya kubadilisha neno, tunayoipenda sote na iliyomo karibu katika kila kitabu cha mazoezi, huwasaliti wanaoishia nayo njiani. Inahitaji kupimwa hadi mwisho wa aya, na iende pia nyuma: hapo juu, "hakuridhika na mpaka" tayari imetangaza ugomvi kabla neno lenyewe halijafika.

Kiswahili kina ishara nyingine ambayo walimu huitumia kidogo mno, nayo ni kitenzi kinachoandamana na neno. Shauri la barazani hupelekwa, hufunguliwa, husikilizwa, huamuliwa. Shauri la nasaha huombwa, hupewa mtu, hufuatwa. Mtu akikata shauri, hayumo barazani wala haombi nasaha, ameamua. Na akiambiwa "shauri yako", amekwisha kuachwa na mzigo wake. Mwanafunzi akizoea kuuliza "neno hili hapa linafanywa nini?" anapata msaada hata pale ambapo kamusi haipo mkononi, na chumba cha mtihani hakina kamusi.

Je, kwa nini maana ya kawaida hujitokeza hata pale ambapo muktadha unaikataa? Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani David Swinney aliwasikilizisha watu habari fupi, huku herufi zikiangazwa mbele yao, nao waamue upesi kama herufi hizo zinaunda neno la kweli. Katika habari mojawapo palikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya wadudu na pia ya vinasa sauti wanavyoficha majasusi. Habari ilipoelekeza wazi kwenye wadudu, maneno yanayohusiana na ujasusi nayo yalitambuliwa upesi mara tu neno liliposikika. Silabi chache baadaye ni maana iliyofaa peke yake iliyobaki. Kwa hiyo hata msomaji hodari huamsha maana zisizotakiwa. Uhodari wake uko katika kuzifukuza. Morton Ann Gernsbacher na wenzake, mwaka 1990, walionyesha kwamba wasomaji dhaifu huchelewa hapohapo: maana isiyofaa hukaa nao wakati wenzao wamekwisha kuiacha. Na maana moja ikiwa imezoeleka kuliko nyingine kwa mbali, kazi huwa nzito zaidi. Wataalamu wanaofuatilia mwendo wa macho wameona kwamba jicho hukawia juu ya neno muktadha unapodai ile maana ya nadra.

Mtihani nao una haraka. Anayekimbizana na saa hakawii juu ya neno alilojua tangu darasa la pili. Hukawia juu ya lile lisilojulikana. Kwa hiyo ajabu moja hutokea: neno geni humlazimisha kusoma kifungu, na neno la kawaida humpa ruhusa ya kutokisoma.

Mwalimu anaweza kutambua kosa hili bila vifaa vyovyote. Wape wanafunzi swali bila kifungu kwanza, wajibu, kisha ukusanye karatasi na uwape kifungu pamoja na swali lilelile. Aliyechagua A mara zote mbili hakukitumia kifungu. Aliyehama kutoka A hadi B amesoma. Na darasa zima likipata B kabla ya kuona kifungu, swali lako halipimi ufahamu hata chembe, linapima kumbukumbu. Halafu mwombe kila mmoja apigie mstari maneno yaliyomfanya achague. Kalamu ya wa A mara nyingi haitoki kwenye *shauri* lenyewe, au itasimama kwenye *likasikilizwa*, na hapo umeona mahali hasa alipokwamia.

Lakini si kila anayeanguka ameanguka kwa uzembe. Fikiria swali jingine: "Mama alimwendea mwanawe kwa siasa." *Siasa* hapa ina maana gani? Kamusi zetu zinatambua siasa yenye maana ya upole na utaratibu katika kutenda jambo, na wazee wa pwani wanaijua vizuri. Kijana wa leo anaijua siasa ya majukwaani na ile ya mtaani, yaani maneno matupu au ujanja. Sentensi hiyo fupi haimpi chochote: mama aweza kumwendea mwanawe kwa ujanja vilevile. Akichagua ujanja amefanya hasa tunachomfundisha, ametafuta maana inayokaa mahali pake, akaadhibiwa kwa kutoijua maana inayopotea.

Swali la namna hiyo halipaswi kuitwa swali la muktadha. Mtungaji ana njia mbili. Aongeze ushahidi: mama aliteremsha sauti, akamkalisha kitako, akangoja hadi kilio kikome ndipo akauliza, hapo ujanja unaanza kuchakaa wenyewe. Au alitoe jibu la ujanja kwenye orodha, kwa kuwa linatetewa na sentensi. Katika karatasi ya KCSE 102/2, ambako mtahiniwa huandika maana kwa maneno yake badala ya kuchagua herufi, jambo hili ni zito zaidi, kwani msahihishaji akiwa na neno moja tu kwenye mwongozo wake atakata jibu linalotetewa na kifungu chenyewe. Mwongozo mzuri huandikwa baada ya kujaribu majibu ya mtego, kila moja, hadi mwisho wa aya, na lile ambalo aya inashindwa kulikataa lipewe alama.