Nani Alikosea, Nyanya au Dada?

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ndiyo aliyoitumia nyanya yangu kila siku mwaka jana, dada yangu mkubwa alipokuwa mja mzito. Wasomaji wapenzi, leo nataka kutoa maoni yangu juu ya vita vya jikoni vilivyozuka kwetu huku Machakos, maana nadhani hata kwenu vipo.

Dada alikuwa na mimba ya miezi saba. Susu, kama tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, alimpiga marufuku mayai, maharagwe na nyama ya mafuta. Akimpakulia muthokoi, alichagua maharagwe yote akayatoa, kisha akampa nusu bakuli tu. "Ukishiba hivyo mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka," alisema.

Dada naye hakuwa mtu wa kunyamaza. "Susu, hayo ni mambo ya kale!" Siku moja alichemsha mayai mawili akayala mbele ya Susu makusudi. Lo! Walinuniana siku tatu, nami nikawa kama posta, nikibeba maneno kutoka jikoni hadi sebuleni.

Lakini nisimtetee dada kupita kiasi. Kila mlo aliuteremsha kwa kikombe cha chai kali. Alitafuna odowa, ule udongo unaouzwa sokoni, kutwa kucha. Vidonge alivyopewa kliniki alivificha chini ya godoro, eti vinamtia kichefuchefu na kufanya choo kiwe cheusi.

Likizo ya Agosti ilipofika, dada alianza kuhema hata akipanda kijiinuko kidogo. Siku moja akaona kizunguzungu kisimani, nusura aanguke na mtungi. Tukampeleka kliniki, Susu akiwa mbele na bakora yake.

Muuguzi alimvuta dada kope ya chini, nasi tukaona ndani ni peupe badala ya pekundu. Damu ilipopimwa ikawa 8.6, na kwa mja mzito haifai kushuka chini ya 11. Nilidhani muuguzi atamgombeza Susu. Badala yake alimvutia kiti, akamwuliza kwa heshima, "Mama, ni nini hasa unachoogopa?"

Susu alikaa kimya kitambo. Kisha akatueleza jambo ambalo hatukuwa tumelisikia hata siku moja. Dada yake alishikwa na uchungu siku mbili nyumbani, mtoto akakwama, wote wawili wakafa. Hospitali ilikuwa mbali na gari halikuwepo.

"Hofu yako ni ya haki, mama," muuguzi akasema, "lakini dawa yake si njaa." Alieleza kuwa njia anayopitia mtoto ni ya mifupa, na mifupa haipanuki kwa sababu mama amekula kidogo. Mama akinyimwa chakula hudhoofika, na mtoto anaweza kuzaliwa na uzani usiofika kilo 2.5, akawa rahisi kuugua. Tena kila anayejifungua hupoteza damu. Mwenye damu kidogo hana akiba, na akivuja sana ni hatari. Kwa hiyo ale maharagwe, mboga za kunde na nyama kwa ajili ya damu, na mayai yaliyoiva vizuri ya kujenga mwili. Ikiwa mtoto atakwama, dawa ni kuwa karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji, basi akajifungulie huko.

Susu akatikisa kichwa taratibu. Dada akaanza kutabasamu kama mshindi, kumbe zamu yake imefika! Muuguzi akamwambia kuwa chai na odowa huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye chakula. Chai aiache mpaka saa moja ipite baada ya kula, na mlo aufuatishe na chungwa au pera, ambayo husaidia chuma kuingia mwilini. Choo cheusi ni kawaida ya vidonge vile. Kichefuchefu kikizidi, avimeze usiku akienda kulala.

Tangu siku hiyo Susu ndiye aliyelinda vidonge. Baada ya majuma manne damu ilifika 9.9, na dada akajifungua hospitalini mtoto wa kilo 3.1.

Maoni yangu ni haya. Sisi vijana tunapenda kuwacheka wazee, lakini mgala muue na haki yake umpe. Mwiko wa Susu ulitoka kaburini, haukutoka kwa ujinga. Mayai ya dada hayakumshinda Susu, wala methali za Susu hazikumshinda dada. Kilichowapatanisha ni yule muuguzi aliyeuliza kabla ya kusema. Ndiyo sababu naona mja mzito asiende kliniki peke yake. Aende na yule anayempakulia chakula. Je, wewe mwenzangu, kwenu nani hushika mwiko, na umewahi kumwuliza anaogopa nini?